"Nimepigwa Kariakoo": kipi usahihishe na kipi ukiache kwenye ujumbe wa mtaani

Ujumbe ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala hii, lakini yeyote anayepokea maoni ya wasomaji kwa simu hapa Dar es Salaam atautambua mara moja. Ni wa kijana aliyenunua simu Kariakoo, na anataka maneno yake yatoke kwenye safu ya maoni:

> oya wakuu hbr za kz. jana nlienda kkoo kuchukua cm ilotumika jamaa akanambia mzigo wa moto na waranti ipo. nkamwambia mm nna 80 2 akasema freshi mwanangu leta. nkampa misimbazi nane na buku jero ya kava. kufika geto cm ikifika asilimia 30 inazima. kurud kesho yake jamaa ananizingua anasema hanijuwi. ndo nkajua nimepigwa. hawa jamaa wanafanyaga hivi kila cku wanapiga hela alafu wakubwa wa pale wamekausha 2. wanangu kuweni makini sio poa

Wahariri wa aina mbili huuharibu ujumbe huu. Wa kwanza anaanza hivi: "Ndugu wahariri, hivi karibuni nilikwenda Kariakoo kwa lengo la kununua simu iliyokwisha kutumika, ambapo muuzaji alinihakikishia ubora wake." Sarufi imenyooka, ila kijana hayumo tena, aliyebaki ni karani. Wa pili anasema hiyo ndiyo lugha ya vijana, anautoa kama ulivyo, na msomaji wa Tanga anabaki akijiuliza "80 2" ni kiasi gani cha fedha. Wote wawili wameikwepa kazi yenyewe.

Kazi yenyewe inaanza kwa kukubali kwamba kwenye kioo cha simu mambo ya aina tofauti kabisa yanafanana. "Cm", "alafu", "ananizingua", "wanafanyaga" na "wanapiga hela" yote yanaonekana kama "lugha ya mtaani". Ukweli ni kwamba la kwanza ni haraka ya vidole, la pili ni tahajia iliyofuata ulimi, la tatu ni msamiati, la nne ni sarufi ya mazungumzo na la tano ni tuhuma. Kila moja lina dawa yake, na atakayeyapaka yote dawa moja ataharibu mengi.

Isome kwa sauti kwanza

Kabla ya kugusa chochote, nakili ujumbe wa asili uuweke pembeni, kisha soma nakala ya kazi kwa sauti kama unamsomea mtu wa tatu. Kinachopotea ukisoma kwa sauti ni uandishi tu. "Hbr za kz" huwezi kuisoma vingine zaidi ya "habari za kazi". "Cku" ukiitamka inatoka "siku", na "hanijuwi" haina tofauti ya kusikika na "hanijui". Hivi vyote fungua au sahihisha bila kumuuliza mtu, kwa sababu mwandishi mwenyewe, angesoma ujumbe wake mbele za watu, asingesema "hbr".

Ufupisho huu una historia yake. Ujumbe mmoja wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila ujumbe ulikatwa pesa yake, kwa hiyo watu wakabana. Herufi "c" ikachukua nafasi ya "si" kwa sababu ndivyo inavyoitwa kwa Kiingereza, "x" ikawa "s" kwenye "xaxa", na "2" ikawa "tu". Kwa bahati nzuri tahajia sanifu ya Kiswahili haina "c" inayosimama bila "h", wala haina "x" au "q", hivyo ukizikuta unajua papo hapo kwamba ni ufupisho, na ni nadra sana kukosea kuzifungua.

Tarakimu ndiyo yenye mtego, maana tarakimu zipo kwenye Kiswahili na zina kazi yake. Tazama "mm nna 80 2". Mhariri mwenye haraka huona 82, au huona kosa la kidole na kufuta ile 2. Mwandishi amesema "nina themanini tu". Unajuaje? Kwanza, "2" hiyo hiyo imerudi chini kwenye "wamekausha 2", mahali ambapo namba haiwezi kukaa. Pili, hesabu inajithibitisha: sentensi inayofuata anatoa misimbazi nane, na msimbazi ni noti ya shilingi 10,000. Nane mara elfu kumi ni elfu themanini. Ikitokea ujumbe hauna sentensi ya pili ya kukupa uhakika huo, muulize mwandishi, kwa sababu tofauti ya elfu mbili kwenye lalamiko la pesa inatosha kumfanya muuzaji aseme habari yote ni uongo.

Hapo hapo kuna neno lingine ambalo halikuandikwa. Mjini mtu akisema ana themanini, kila aliye karibu anajua ni elfu themanini. Neno "elfu" halihitajiki kwenye mazungumzo. Kwenye maandishi yatakayosomwa na mtu asiyejua bei ya simu iliyotumika, lirudishe: "elfu 80". Hujambadilishia lugha, umemalizia namba yake.

Na wakati wa kurudisha herufi kubwa, kuwa macho na "msimbazi". Kariakoo kuna Mtaa wa Msimbazi. Mtu akiandika "nikampa msimbazi" amempa noti ya elfu kumi. Ukimwekea M kubwa kwa mazoea, msomaji anaelewa kwamba alimpa pale mtaani. Kwenye ujumbe wetu wingi wa "misimbazi" umetuokoa, kwani mtaa hauna wingi. Kwenye ujumbe wenye noti moja hakuna cha kukuokoa isipokuwa herufi ndogo.

Yanayosikika ukisoma

Baada ya kuondoa ufupisho, yaliyobaki yanasikika kwa sauti, na hapa ndipo hukumu inapoanza. Swali la kujiuliza ni moja: mwandishi akionyeshwa neno hili baada ya wiki, ataona aibu au ataona ndivyo anavyosema? Atakaloona aibu ni kosa lake, msaidie. Analosema ndivyo, ni sauti yake.

"Alafu" liko upande wa aibu. Wako wengi mjini wanaoangusha "h" mwanzoni mwa neno, wakaandika "apa", "iyo", "uyu", na wako wanaoiongeza isipotakiwa, wakaandika "hasante" na "hacha". Ni hivyo hivyo kwa wanaochanganya "r" na "l" wakaandika "hera" kwa "hela". Hakuna aliyechagua kuandika hivyo ili apendeze. Ulimi wa nyumbani umetangulia. Ukiyaacha yachapishwe, msomaji anacheka lafudhi ya mtu na kusahau malalamiko yake. Kwa hiyo "alafu" inakuwa "halafu". Angeandika "afu", tungeiacha, kwa sababu "afu" ni mkato wa makusudi wa wazungumzaji, wa ukoo mmoja na "ndo".

"Ndo" basi inabaki. Ukiiandika "ndiyo nikajua nimepigwa" umeipunguza kasi sentensi ambayo uzito wake wote uko kwenye kushtuka. "Nlienda" na "nkampa" ni jambo jingine. Ni kweli kwenye mazungumzo ile "i" humezwa, lakini huyu anaibana kila mahali kwa haraka ile ile iliyozaa "hbr", na kuirudisha hakuondoi ladha yoyote. Tunaandika "nilienda" na "nikampa". "Mm" tunaifungua "mimi", ingawa kama kijana angekuwa na "mi" ya wazi mahali pengine kwenye ujumbe, tungeifuata hiyo.

Kuna mawili ambayo wahariri wengi huyafyeka kwa kudhani ni ya mtaani, kumbe ni ya pwani na ni ya zamani: "ilotumika" na "akanambia". Kumeza silabi namna hii, "alokuja", "nilokwambia", "akanambia", kumo kwenye ushairi wa Kiswahili wa tangu zamani na kwenye vinywa vya watu wa mwambao hadi leo. Kiswahili sanifu kilipoandaliwa, kwa msingi wa Kiunguja na chini ya kamati iliyoanza kazi mwaka 1930, maumbo kamili ndiyo yaliyopewa nafasi vitabuni, lakini hayo mafupi hayakugeuka makosa. Yaache. Ukibadilisha "ilotumika" kuwa "iliyotumika" hujasahihisha kitu, umemhamisha mtu kwao.

Jambo kama hilo lipo kwenye "kufika geto" na "kurudi kesho yake". Kitabu kitataka "nilipofika" na "niliporudi". Lakini msimuliaji wa Kiswahili anapofika mahali pa moto huacha nafsi na wakati, akatumia kitenzi kitupu, na msikilizaji hapotei kwa sababu "jamaa ananizingua" inafuata papo hapo. Huo ni ufundi wa kusimulia. Uguse pale tu ambapo haijulikani nani alifika.

Bado "wanafanyaga". Hii ndiyo inayogombanisha watu. Kiambishi "-ga" mwishoni mwa kitenzi kinaonyesha mazoea, na kimeingia kwenye Kiswahili cha bara kupitia lugha zenye umbo hilo, Kisukuma na Kinyamwezi zikiwemo. Mjini hapa kinasikika kila kona, kuanzia kwenye daladala hadi ofisini, ila si sanifu. Sanifu ni "hufanya". Tatizo ni kwamba "hufanya hivi kila siku" kinywani mwa huyu kijana ni suti ya kuazima. Njia ya kati ipo: "wanafanya hivi kila siku", ambapo "kila siku" inabeba mazoea peke yake. Maoni yetu ni haya: kwenye barua ya msomaji yenye jina lake, "-ga" ikitokea mara moja iache. Ikitokea kila sentensi, punguza, kwa sababu jicho la msomaji litaanza kuzihesabu. Na kwenye andiko linalotoka kwa jina la taasisi, iondoe yote.

Msamiati: wa hisia na wa hesabu

Sasa tumefika kwenye maneno yenyewe ya mtaani: oya, wakuu, mzigo wa moto, freshi, mwanangu, msimbazi, buku jero, geto, kuzingua, kupigwa, kukausha, sio poa. Kosa la kawaida ni kuyapima kwa kamusi, kama limo libaki, kama halimo liondoke. Kamusi huja nyuma ya watu. "Daladala" lilikuwa neno la makondakta na abiria wa miaka ya 1980, likitokana na nauli ya sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, na leo linatumika hata kwenye tangazo la serikali. Aliyelifuta siku zile kwa kuwa halikuwemo kamusini alimfanya msomaji asielewe.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza neno limebeba nini. Likibeba hisia, au uhusiano wa mwandishi na anaowaambia, liache hata kama msomaji wa mbali halijui vizuri. "Oya wakuu" inaita na kuheshimu kwa pamoja. Mhariri anayekata "oya" kwa kuiona ni utovu wa adabu amesahau kwamba "wakuu" imekaa hapo hapo kuisawazisha. "Mwanangu" hapa ni rafiki, na msomaji ataelewa kwa sababu muuzaji hawezi kuwa baba yake ghafla. "Geto" ni chumba cha kijana anayejitegemea; ukiandika "nyumbani" umempa mke na sebule. "Ananizingua" ukiibadilisha kuwa "ananisumbua" umepoteza lile la mtu kukugeuka baada ya kula pesa yako.

Likibeba hesabu, mahali, muda au kosa la mtu mwingine, lazima lieleweke na msomaji yeyote wa Kiswahili. "Misimbazi nane" inaeleweka kwa kuwa "elfu 80" imetangulia, kwa hiyo ibaki. "Buku jero" ni 1,500, buku ikiwa elfu moja na jero mia tano. Kama safu inasomwa Dar pekee iache. Kama inafika mikoani na visiwani, usiingize ufafanuzi kwenye sentensi ya kijana, maana hakuna mtu wa mjini anayesema "buku jero, yaani shilingi elfu moja na mia tano". Weka mstari mmoja wa mhariri chini ya ujumbe, kwa herufi za mlazo: *Buku jero ni shilingi 1,500.* Mstari mmoja. Ukihitaji mistari minne, ujue umeacha maneno mengi ya hesabu bila kuyafungua.

Misimu nayo ina sarufi, na mwandishi anaweza kuteleza ndani yake kama anavyoteleza kwenye lugha nyingine yoyote. Msimbazi unafuata ngeli ya mti: msimbazi mmoja, misimbazi miwili. Angeandika "misimbazi mbili" tungesahihisha kimya kimya, kama ambavyo tungesahihisha "miti mbili". Kuzingua kunakubali viambishi vyote: hajanizingua, asingenizingua, wanazinguana. Kwa hiyo neno kuwa la mtaani si ruhusa ya kuacha upatanisho uvunjike.

Kuhusu tahajia ya maneno haya, hakuna wa kukuamulia. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, lakini halina orodha ya namna ya kuandika kila neno linalozaliwa kijiweni wiki hii. Andika linavyosikika kwa silabi za Kiswahili, likiishia na irabu: freshi, ishu, dili, kumaindi. Chagua "mshikaji" badala ya "mshkaji" kwa kuwa kitenzi ni "shika". Ukishachagua, weka kwenye daftari la ofisi na ushike hilo hilo. Kinachokera ni "freshi" kwenye aya ya kwanza na umbo jingine kwenye aya ya tatu.

Na kuna maneno ambayo hayaachwi kwa jina la sauti ya mwandishi hata kidogo: matusi ya nguoni, na majina ya kubeza kabila, ulemavu au mwanamke. Angekuwa muuzaji ni mwanamke na kijana akaandika "lile demu", neno hilo linamhusu mtu mwingine ambaye hayupo kujitetea. "Yule dada" linatosha, na kijana ataarifiwa.

Pale kitenzi kinapogeuka kuwa kesi

"Nimepigwa." Kwa mtu wa Dar maana ni wazi, ametapeliwa. Kwa mwingine amechapwa makofi. Ndani ya ujumbe hakuna utata, kwa sababu simu inazima na muuzaji hamjui, mazingira yanaeleza. Neno hili liache, tena ndilo kilele cha habari. Hatari iko nje ya ujumbe, kwenye kichwa. "Kijana apigwa Kariakoo" ni habari nyingine kabisa, na anayepita haraka atadhani kuna mgambo waliotembeza virungu. Kwenye kichwa weka neno hilo ndani ya alama za kunukuu likiwa na simu karibu yake, au andika "atapeliwa".

"Wanapiga hela" ni gumu zaidi. Fundi aliyepata kazi nyingi mwezi huu anapiga hela, na hakuna ubaya. Mhasibu anayepiga hela za ofisi ni mwizi, na watu wa aina hiyo tumeshawaita "wapigaji". Kijana amemaanisha lipi? Mhariri akiandika "wanaiba" ametunga tuhuma ya jinai ambayo mwandishi hakuitoa. Akiandika "wanajipatia kipato" ameliua lalamiko. Hata kuiacha kama ilivyo si salama, kwa sababu kila msomaji atachagua maana yake, na muuzaji atachagua ile ya kumpeleka mtu mahakamani. Hapa lazima kuuliza.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Uliza kwa lugha yake na usimpe majibu mawili ya kuchagua, maana atachukua la kwanza ili yaishe. "Ukisema wanapiga hela, wanafanyaje?" inatosha. Na usimuulize kuhusu "zingua" au "geto". Ukianza kumhoji maneno yake, atahisi amekosea, atakuandikia upya kwa Kiswahili cha mtihani, na utabaki na insha ya darasani. Uliza mambo ya ukweli tu.

Tuseme amejibu: "wanauza vimeo kwa bei ya kizima." Kimeo mtaani ni kitu kibovu kinachokuja kukusumbua, na sasa tuhuma ina umbo: mali mbovu inauzwa kama nzima. Tunachukua maneno yake mwenyewe na kuyapachika, "wanapiga hela kwa kuuza vimeo". Hatukuhitaji kuleta neno letu hata moja.

"Wakubwa wa pale wamekausha" nayo ina dai ndani. Kukausha ni kunyamaza kwa makusudi, na huwezi kunyamazia usichokijua. Je, kijana aliripoti kwa mtu? Akijibu kwamba hajaripoti popote, ila "hamna anayewagusa", basi dai la kunyamaza halina mguu. Tunaweka jibu lake mahali pa dai: "halafu hamna anayewagusa". "Kila siku" ni chuku ya kawaida ya mtu mwenye hasira na inaweza kubaki kwa kuwa hakuna duka lililotajwa. Angetaja jina la duka, "kila siku" ingebidi ithibitishwe au iondoke, na duka lipewe nafasi ya kujibu.

Swali la mwisho la kumuuliza halihusu lugha. Ameandika "jana" alienda, kisha "kesho yake" akarudi. Kesho ya jana ni leo. Inawezekana amerudi leo hii asubuhi, inawezekana alienda juzi. Wahariri waliozama kwenye kuhesabu misimu huipita sentensi hii bila kuiona, wakati ndiyo yenye kosa ambalo muuzaji atalishika: "jana duka lilifungwa." Tuseme jibu ni juzi.

Ujumbe unatoka hivi:

> Oya wakuu, habari za kazi. Juzi nilienda Kariakoo kuchukua simu ilotumika. Jamaa akanambia mzigo wa moto, na waranti ipo. Nikamwambia mimi nina elfu 80 tu, akasema freshi mwanangu, leta. Nikampa misimbazi nane na buku jero ya kava.
>
> Kufika geto, simu ikifika asilimia 30 inazima. Kurudi kesho yake jamaa ananizingua, anasema hanijui. Ndo nikajua nimepigwa.
>
> Hawa jamaa wanafanyaga hivi kila siku, wanapiga hela kwa kuuza vimeo, halafu hamna anayewagusa. Wanangu kuweni makini, sio poa.

Ukiulinganisha na wa asili utaona kazi kubwa imefanywa na nukta, mikato na kufungua ufupisho. Maneno ya mtaani yamebaki karibu yote. Lililoondoka ni "wamekausha", na liliondoka kwa sababu ya ushahidi. Mpelekee kijana nakala hii kabla haijatoka, ukimwonyesha sehemu zile tatu tu zilizobadilika kwa majibu yake.

Ujumbe huo huo ukitakiwa uwe malalamiko rasmi, tuseme kwa polisi au kwa Tume ya Ushindani, mizani inabadilika. Pale anayesoma anatafuta tarehe, kiasi, mahali na alichoahidiwa mnunuzi, kwa hiyo unaandika upya kwa Kiswahili sanifu: "Nilimlipa shilingi 80,000 kwa ajili ya simu na shilingi 1,500 kwa ajili ya kava, jumla shilingi 81,500." Geto, oya na sio poa vinaondoka bila majonzi. Lakini maneno ya muuzaji usiyasanifishe. "Mzigo wa moto, na waranti ipo" ni ahadi aliyoitoa kwa kinywa chake, na inaingia ndani ya alama za kunukuu neno kwa neno. Ukiandika kwamba "alinihakikishia ubora wa bidhaa", atakana kwamba hajawahi kusema hivyo, na atakuwa anasema kweli.